Neno moja kwenye picha ya daftari la babu: ni "alinipa" au "alimpa"? Na nikiwa sina uhakika naliandikaje?

#1 Mnazi_Mrefu
Wakuu habari za jioni. Nina picha ya ukurasa mmoja wa daftari la marehemu babu, mwandiko wake mwenyewe, bolpeni ya bluu, karatasi imekunjwa mara nne na imekaa kwenye sanduku la bati kule Muheza miaka mingi. Binamu yangu aliipiga kwa simu usiku na flashi akaituma kwenye grupu la familia pamoja na maneno aliyoyachapa yeye. Mstari wa tano ameuandika hivi: "Shemeji alinipa minazi 7 rehani shs 42150". Mimi nikikuza picha naona "ali", halafu vijiti vijiti vimeungana, halafu "pa" ambayo iko wazi, halafu mkunjo wa karatasi umekula kitu, halafu "minazi". Baba mdogo anasema ni alimpa, siyo alinipa. Hiyo si tofauti ndogo. Kama ni alinipa basi babu ndiye aliyetoa hela akashika minazi, kama ni alimpa basi shemeji alimpa mtu mwingine kabisa na babu kaandika tu kama shahidi. Kuna watu hawasalimiani sasa hivi kwa sababu ya hilo neno.

Maswali yangu mawili. Kwanza, nitajuaje ni lipi. Pili, nataka kuchapa ukurasa wote upya niutume kwenye grupu, pale nisipokuwa na uhakika naandikaje ili nisiwadanganye watu?

#2 kipanga_wa_pwani
Alinipa hiyo mkuu. Mtu haandiki kwenye daftari lake mambo ya watu wengine. Uzi ufungwe.

#3 Mchongo_wa_Voi
Kama shida ni maandishi yameharibu picha kuna app za kufuta, unapaka kidole juu ya maneno yanatoka, picha inabaki safi kabisa. Mimi nilifuta tarehe kwenye picha za harusi na huwezi jua kulikuwa na kitu.

#4 Mnazi_Mrefu
@Mchongo asante ndugu yangu lakini sitaki kufuta kitu, nataka kusoma hayo maandishi. Ukifuta wewe hapo ndio nafukuzwa ukoo.

#5 dada_wa_nyaraka
Nimefanya kazi ya kunakili mafaili ya mwandiko kwa miaka kadhaa, hili tatizo lako nalijua vizuri na lina sababu yake. Chukua karatasi uandike alinipa na alimpa kwa mwandiko wa kuunganisha, bila kuweka nukta yoyote. Baada ya "l" hesabu vijiti vya kusimama. Alinipa: i ni kijiti kimoja, n viwili, i kimoja, jumla vinne. Alimpa: i kimoja, m vitatu, jumla vinne. Ni vilevile! Ndiyo maana macho yanakataa, hayo maneno mawili yana mifupa ileile na Kiswahili kimejaa mitego ya namna hiyo kwa sababu "ni" na "m" zinakaa sehemu moja ndani ya kitenzi, alinilipa na alimlipa, alinikopa na alimkopa.

Tofauti zinabaki mbili tu. Ya kwanza nukta, alinipa inatakiwa iwe na mbili na alimpa moja. Ya pili, na hii ndiyo ninayoiamini zaidi, ni pale kijiti cha tatu kinapoungana na cha nne. Kwenye m kalamu inapanda inafanya upinde juu halafu inashuka, kwa hiyo muungano uko juu. Kwenye ni, n ikiisha kalamu inatoka chini kwenye mstari na kupanda kwenda kwenye i, kwa hiyo muungano uko chini na juu panabaki wazi kama bonde. Hebu angalia hapo, juu pamefunga au pamefunguka?

#6 Mnazi_Mrefu
Dada nimeandika kweli vinatoka sawasawa, nimeshangaa. Nikikuza picha ya binamu pale juu ni ukungu tu, viboksi viboksi vya bluu na kahawia. Nukta naona mbili lakini moja imekaa juu sana na ni nyeusi kuliko nyingine.

#7 fundi_picha_Temeke
Hapo shida ni picha yenyewe kaka. Wasapu imeibana, na usiku simu inalazimisha kulainisha na kukoleza, ile mistari miembamba inayounganisha herufi ndiyo inaliwa ya kwanza. Pakua app ya skana, piga upya karatasi, chagua nyeusi na nyeupe, maandishi yatatoka makali kama ya kitabu.

#8 dada_wa_nyaraka
Fundi uko sawa kuhusu wasapu ila hiyo ya nyeusi na nyeupe hapana, kwa kazi hii inaharibu. Ile app inaamua kila doa ama ni wino ama ni karatasi, katikati hakuna. Muungano hafifu inaufuta, doa la kutu inaligeuza nukta, halafu matokeo yanaonekana safi mpaka unayaamini. Ni heri picha chafu yenye rangi zake zote.

Mnazi, ungefika ilipo karatasi yenyewe ufanye hivi. Mchana, karibu na dirisha, bila flashi, simu iwe sambamba na karatasi isiinamie upande. Piga mbili tatu. Halafu weka karatasi nyeusi nyuma ya ukurasa upige tena, maana daftari jepesi linaonyesha maandishi ya upande wa pili na ukiweka kitu cheusi nyuma yanapungua. Halafu giza likiingia, tochi ilaze kabisa pembeni mwa karatasi, mwanga upite juu yake ukitokea ubavuni. Umesema ni bolpeni, na bolpeni inachimba. Wino ukififia mfereji unabaki, na kwa mwanga wa ubavuni utauona kama jembe limepita. Geuza uangalie na nyuma pia, wakati mwingine mfereji unaonekana vizuri zaidi kama tuta upande wa pili. Ukituma mtu akupigie, mwambie atume kama dokumenti, asitume kama picha.

#9 fundi_picha_Temeke
Nakubali dada, hiyo ya skana huwa nawapigia watu vyeti vilivyochapwa, mwandiko wa mkono ni kitu kingine. Niongeze basi kitu ninachokijua kwa uhakika. Kama wino ni bluu na karatasi imekuwa ya kahawia, toa chaneli nyekundu peke yake, yaani ile sehemu ya mwanga mwekundu tu wa picha. Wino wa bluu unameza mwanga mwekundu kwa hiyo unatoka mweusi, na madoa ya kahawia yanatoka meupe meupe yanapotea. Kwenye kompyuta yenye programu ya ImageMagick ni mstari mmoja:

```
magick ukurasa.jpg -channel R -separate nyekundu.png
```

Ukichukua chaneli ya bluu kwa makosa inakuwa kinyume, wino unafifia na madoa yanakoza. Ni vizuri uitazame hiyo pia, kinachokoza kwenye bluu na kupotea kwenye nyekundu ujue ni doa.

#10 mzee_wa_baraza
Wanangu, nilikuwa karani wa mahakama kabla sijastaafu. Sijaiona picha lakini hiyo shs 42150 imenishtua. Mwaka gani?

#11 Mnazi_Mrefu
Shikamoo mzee. Juu ya ukurasa imeandikwa 8/11/61 au 3/11/61, hiyo nayo sijui.

#12 mzee_wa_baraza
Marahaba. Basi ni mwezi mmoja kabla ya Uhuru. Wakati huo tulikuwa tunatumia shilingi ya Afrika Mashariki, ya Tanzania yenyewe ilikuja 1966. Na bei tulikuwa tunaandika kwa mkwaju, shilingi kabla yake na senti baada yake. Shilingi arobaini na mbili na senti hamsini ni 42/50. Mkwaju wa mtu anayeandika kwa haraka unasimama wima kama moja. Binamu yako kasoma mkwaju akafikiri ni 1, ndiyo kapata elfu arobaini na mbili. Minazi saba kwa elfu arobaini na mbili mwaka 1961? Hizo ni pesa za kununua nyumba! Mwambie aangalie bei nyingine kwenye ukurasa huohuo, kama kuna iliyoandikwa na kistari mwishoni, 15/-, basi babu yako ni mtu wa mikwaju.

#13 Mnazi_Mrefu
Mzee Mungu akupe maisha marefu. Mstari wa pili uko hivyohivyo, "kamba 6/-" na binamu kaandika "kamba 61". Kwa hiyo watu wamenuniana kwa ajili ya elfu arobaini na mbili ambazo hazijawahi kuwepo.

#14 kipanga_wa_pwani
Hapo mzee umefunga bao. Lakini alinipa nabaki nayo.

#15 Muskati_Kwetu
Salaam kutoka Muscat. Na hiyo 7 mna uhakika nayo? Wazee wetu wengi walianza chuoni kwa mwalimu wa Kurani kabla ya shule, wakahesabu kwa tarakimu za Kiarabu maisha yao yote hata wakiandika maneno kwa herufi za Kizungu. Sita ya Kiarabu ni ٦, mtu wa leo akiiona anasoma 7 bila kufikiri. Saba yao ni ٧, kama V. Marehemu bibi yangu wa Pemba kila barua yake ilikuwa hivyo, na tumewahi kubishana hapa nyumbani mwaka mzima kuhusu watoto sita au saba.

#16 Mnazi_Mrefu
Dah. Babu alisoma chuoni Pangani kabla ya shule. Lakini tarehe kaandika kwa tarakimu za kawaida, na 42/50 pia.

#17 dada_wa_nyaraka
Hiyo haimalizi hoja, nimeona watu wakichanganya kwenye ukurasa mmoja, tarehe kwa za shule na hesabu ya vitu kwa za chuoni. Kinachosaidia ni kutafuta 6 nyingine ya hakika. "Kamba 6/-" unayo hapo mstari wa pili, ile sita yake ikoje, ina kitumbo chini? Kama ina kitumbo basi ana sita ya shule, na mstari wa tano unaelekea kuwa saba kweli. Ila usisahau ile ni bei na hii ni idadi ya miti.

#18 Mnazi_Mrefu
Ina kitumbo, ya shule kabisa.

#19 Muskati_Kwetu
Basi saba inapata nguvu, ila mimi ningeiwekea alama. Turudi kwa bibi yangu kidogo. Barua zake ni Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na kwa uandishi wake wa zamani p na b ni herufi moja, e na i ni alama moja ya chini, n kabla ya d haiandikwi kabisa. Kwa hiyo anaandika kitu unachoweza kusoma kupenda, ukaweza kusoma kupinda, na wino uko safi kabisa, hakuna doa. Hapo najiuliza, naweka alama ya shaka au siweki? Maana herufi naziona zote.

#20 dada_wa_nyaraka
Hilo ni swali zuri na watu wengi wanalikoroga. Kuna shaka ya jicho na kuna shaka ya usomaji. Kwa bibi yako jicho halina shaka, herufi ndizo zile, ila mwandiko wenyewe unaruhusu maneno mawili na wewe ndiye unayechagua. Ningeandika kupenda kwenye matini bila alama ya jicho, halafu chini maelezo kwamba herufi zinaruhusu kupinda na nimechagua kwa sababu ya sentensi. Kwa Mnazi ni kinyume, lugha haina tatizo, herufi zenyewe hazionekani. Ukiweka alama moja kwa yote mawili msomaji hatajua akienda kwenye karatasi ya asili atakuta nini.

#21 jirani_wa_Kigamboni
Nimekuwa nasoma kimyakimya. Je isiwe "alinunua"? Shemeji alinunua minazi 7. Ingeeleweka vizuri zaidi, na rehani ikawa ni neno la mambo mengine.

#22 dada_wa_nyaraka
Vijiti vinakataa. Alinunua baada ya l ina tisa, tena haina mkia unaoshuka chini ya mstari. Mnazi kasema "pa" iko wazi.

#23 jirani_wa_Kigamboni
Huo mkia unaweza kuwa wa herufi ya mstari wa juu umeshuka. Kwenye daftari la mama yangu j za juu zinaingia kwenye maneno ya chini kila mahali.

#24 Mnazi_Mrefu
Mstari wa juu hapo juu yake kuna neno "mwezi", hakuna herufi ya mkia. Lakini nimependa hoja, sikuwahi kuiangalia.

#25 Doto_kodi
Kuhusu swali la pili, alama. Wataalamu wa maandishi ya kale wana utaratibu wao, mabano ya mraba yanamaanisha neno halina uhakika. Kwa hiyo andika [alinipa] na kazi imeisha, kila msomi duniani ataelewa.

#26 dada_wa_nyaraka
Doto samahani, hapo umekosea kidogo na ni kosa linaloumiza. Utaratibu uliokubaliwa Leiden mwaka 1931, ule wanaoutumia watu wa mafunjo na maandishi ya mawe, mabano ya mraba ni kwa kitu ambacho hakipo tena, kimekatika au kimeliwa, na msomaji kakijaza mwenyewe. Herufi inayoonekana lakini haina uhakika inawekewa nukta chini yake. Mtu aliyezoea huo utaratibu akiona [alinipa] ataelewa kwamba hakuna hata kijiti kimoja kilichobaki. Mabano ya mviringo nayo ni kwa kufungua ufupisho, mfano sh unaiandika sh(ilingi).

Nukta chini ya herufi kwenye simu ni taabu, kwa hiyo kwa grupu la familia tunga alama zako tatu tu, uzieleze juu ya ukurasa kabla ya mstari wa kwanza. Moja kwa "naona kitu ila sina uhakika", moja kwa "haisomeki, panatosha herufi kama ngapi", moja kwa "hapa nimeongeza mimi". Hizo tatu zisichanganywe kamwe. Ugomvi wenu umetokana na binamu kuyaandika yote matatu kwa sura moja.

#27 Doto_kodi
Nimekubali, nilichanganya. Kwenye kazi yangu tunatumia lebo za TEI, zile za kuwekea maandishi alama kwenye kompyuta, na huko ziko mbali mbali, hata usomaji mbili unaweza kuziweka bega kwa bega:

```xml
Shemeji <choice>
  <unclear cert="medium">alimpa</unclear>
  <unclear cert="low">alinipa</unclear>
</choice>
<gap reason="mkunjo" quantity="4" unit="character"/>
minazi
```

Familia hawawezi kusoma hiyo lakini ukiihifadhi hivyo mwenyewe, ya grupu unaitengeneza kutoka humo.

#28 kipanga_wa_pwani
Mimi sipingani na alama ila mkijaza alama za kuuliza kila neno nani atasoma? Mama yangu akiona [?] tatu kwenye mstari mmoja anaacha. Anayenakili kakaa na karatasi siku tatu, achague, atuambie. Uamuzi nao ni uaminifu.

#29 mzee_wa_baraza
Kijana ana hoja. Sisi tukinakili shauri la zamani tulikuwa tunaandika "haisomeki" pale pasiposomeka, na pengine tunanyamaza tukisoma tulivyosoma. Lakini hakimu akiwa na mashaka alikuwa hasomi nakala yangu, anaitisha karatasi yenyewe. Kwa hiyo hiyo karatasi isikunjwe tena, isipakwe gundi ya plastiki, na nakala yoyote iseme karatasi iko kwa nani.

#30 dada_wa_nyaraka
Kipanga, kuchagua sikatai. Weka neno unaloliamini mbele, lingine nyuma yake, na useme kwa nini. Ninachokataa ni kuchagua halafu kuficha kwamba ulichagua. Na usiweke [?] kwa kila neno kwa woga, neno likisomeka lisomeke. "Minazi" haihitaji alama.

#31 Mnazi_Mrefu
Wakuu nimerudi, wikiendi nilipanda basi mpaka Muheza. Nimepiga picha kama mlivyosema. Naandika nilichokiona.

Kwanza mkunjo. Huo mkunjo unapita wima ukurasa mzima, na kwenye mstari wa tatu na wa sita babu kaandika moja kwa moja juu yake, wino umepasuka pale kwenye mkunjo kama rangi ya ukuta inavyobanduka, haukutambaa. Nadhani maana yake karatasi ilikunjwa baadaye, hakuwa anauruka. Kwenye mstari wa tano kati ya "pa" na "minazi" kuna nafasi ya milimita tisa hivi. Nimepima maneno yake mengine, herufi moja inakula kama milimita mbili na nusu, kwa hiyo zingeingia herufi tatu mpaka nne zikibana, au isiwe kitu, maana kwenye mistari mingine anaachia nafasi kubwa sana kabla ya idadi ya kitu. Ukingoni kulia mwa mkunjo kuna kamkia kadogo ka bluu chini, kama mguu wa a. Au mwanzo wa m ya minazi.

Pili nukta. Ile nyeusi ya juu, nimepiga picha upande wa pili nikaigeuza kama kioo:

```
magick nyuma.jpg -flop nyuma_kioo.png
```

nikailaza juu ya picha ya mbele. Nukta imeangukia sawasawa juu ya nukta ya mwisho wa sentensi ya nyuma, pale alipokandamiza kalamu. Siyo ya neno letu. Kwa hiyo imebaki nukta moja.

#32 jirani_wa_Kigamboni
Basi alimpa! Nukta moja.

#33 dada_wa_nyaraka
Subiri. Babu huwa anaweka nukta zake zote? Hesabu.

#34 Mnazi_Mrefu
Nimehesabu ukurasa mzima dada, i arobaini na moja zinazosomeka, tisa hazina nukta. Na nyingi ya hizo tisa ni pale i mbili zinapokaribiana, kama kwenye "nilikwisha", anaweka moja anasonga.

#35 dada_wa_nyaraka
Basi nukta imepoteza nguvu, maana alinipa ina i mbili zilizokaribiana vilevile. Muungano je, kwa tochi ya ubavuni?

#36 Mnazi_Mrefu
Hapo ndipo nimekaa saa nzima mpaka tochi ya simu ikazima. Kati ya kijiti cha pili na cha tatu mfereji uko juu, hiyo iko wazi, na inakubaliana na n pia na m pia. Kati ya cha tatu na cha nne mfereji unaanza chini, unapanda, halafu unagusa juu kabla ya kushuka. Nimelinganisha na "minazi" palepale pembeni, m yake mguu wa tatu unaanza katikati, hapandi kutoka chini kabisa. Nikalinganisha na "nimepokea" mstari wa kwanza, ni yake inapanda kutoka chini lakini haifiki juu. Hii yetu imekaa kati ya hizo mbili.

#37 fundi_picha_Temeke
Jaribu tochi kutoka upande wa juu wa karatasi badala ya kushoto. Mwanga ukienda sambamba na mfereji hauonyeshi kivuli, lazima ukate mfereji. Muungano unaopanda kwenda kulia unauona vizuri mwanga ukitoka juu kushoto au chini kulia.

#38 Mnazi_Mrefu
Nilimulika kutoka kushoto na kulia tu. Karatasi imebaki kwa shangazi, nitamwomba, ila macho yake na tochi ni mtihani.

#39 mzee_wa_baraza
Tuache vijiti kidogo. Pwani yetu minazi ilikuwa inawekwa rehani peke yake bila ardhi, mwenye pesa anakula nazi mpaka alipwe. Anayeshika rehani ndiye anayetunza maandishi, kwa sababu ndiye mwenye cha kupoteza. Hilo linamsaidia kipanga. Lakini babu yako kama alikuwa mmoja wa wachache wanaojua kuandika pale kijijini, watu walikuwa wanakuja kwake aandike mambo yao. Hilo linamsaidia baba yako mdogo. Kuna mikopo ya watu wengine kwenye daftari?

#40 Mnazi_Mrefu
Ipo, angalau miwili, majina ya watu ambao siyo ndugu zetu. Na "baba" ingeingia kwenye ule mkunjo, alimpa baba minazi 7.

#41 kipanga_wa_pwani
Mnaona sasa, hilo la "baba" mnajaza wenyewe. Nafasi tupu inaingiza kila neno unalolitaka. Ingeingia "bibi" pia.

#42 dada_wa_nyaraka
Kipanga hapo nakupa mkono. Ndiyo maana baba inakwenda kwenye maelezo, haiingii kwenye mstari.

#43 Mnazi_Mrefu
Haya, mstari wa tano nimeuandika hivi kwa grupu, niambieni kabla sijatuma. Juu ya ukurasa nimeweka: neno lenye alama ya kuuliza naliona ila sina uhakika, mkwaju kati ya maneno ni usomaji mbili, la kwanza ndilo ninaloliegemea, nukta tatu kwenye mabano ni pasiposomeka. Sijaongeza neno langu popote, na tahajia ya babu nimeiacha.

Shemeji [alimpa / alinipa ?] [... herufi 3 au 4, au nafasi tupu] minazi 7[?] rehani shs 42/50

Maelezo: karatasi iko kwa shangazi Muheza. Vijiti vinne baada ya l vinaruhusu maneno yote mawili. Nukta ya pili inayoonekana kwenye picha ya kwanza ni ya upande wa nyuma. Muungano wa kijiti cha tatu na cha nne haujaamua. Mkunjo unaweza kuwa umekula jina la mtu. 7 inaweza kusomwa 6 ya Kiarabu ila 6 nyingine kwenye ukurasa ni ya shule. Bei ni shilingi 42 na senti 50, siyo elfu 42.

#44 kipanga_wa_pwani
Kwa nini alimpa iko mbele? Umesema mwenyewe muungano uko katikati na nukta haina nguvu. Umemweka baba mdogo mbele kwa sababu ni baba mdogo.

#45 Mnazi_Mrefu
Nimeiweka mbele kwa sababu ya ule muungano kugusa juu. Lakini kweli sijaandika hiyo sababu kwenye maelezo, naiongeza sasa hivi.

#46 dada_wa_nyaraka
Iongeze. Na tarehe, 8 au 3, umeiacha bila alama?

#47 Mnazi_Mrefu
Nimeiandika 8[/3?]/11/61. Nane zake nyingine mbili zimefunga juu, hii imefunguka upande wa kushoto lakini pana tundu la mende hapohapo.

#48 Mchongo_wa_Voi
Pole kwa ile ya kufuta maandishi, sikuwa nimesoma vizuri. Sasa nina swali, nyuma ya picha ya harusi ya wazazi kumeandikwa mwaka kwa penseli, na studio wamegonga muhuri juu yake wa zambarau. Hiyo chaneli nyekundu itatoa muhuri?

#49 fundi_picha_Temeke
Zambarau kwenye nyekundu inafifia kama imeelekea wekundu, ikiwa imeelekea bluu itabaki nyeusi na kuficha penseli. Jaribu zote tatu. Ila penseli inang'aa, ilaze tochi ubavuni halafu inamisha picha taratibu mpaka penseli iwake, utaiona inavyotokea chini ya muhuri. Ukiipata piga hapohapo usisogeze mkono.